Raba "inarudi", oparesheni "inamaliza": hesabu ya bawasiri tunayoipiga kombo

Wiki hizi kuna voisi inazungushwa kwenye magrupu, sijui imeanzia kwa nani, jamaa anaongea kwa kujiamini kabisa kwamba ile kufungwa raba bawasiri ni kutupa pesa baharini, mana kuna utafiti wa Uingereza umeonyesha karibu nusu ya waliofungwa iliwarudia ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo mwenye akili zake akakatwe moja kwa moja amalize kazi. Voisi imepata soko kwa sababu imekuja wakati wake, hospitali mpya za wilaya zimefunguliwa Unguja na Pemba, zahanati za watu binafsi nazo kila siku zinabandika matangazo ya "bawasiri bila kukatwa", watu waliokuwa wakificha miaka na miaka ndo wanaanza kuuliza. Sasa mie nimekaa sana kwenye chumba cha oparesheni kama nesi, na nasema hivi: ile namba ya utafiti ni ya kweli ila jamaa kaisoma vibaya. "Imerudi" ya raba na "imerudi" ya oparesheni si kitu kimoja, hazina gharama moja wala hazirekebishwi kwa njia moja, na anayezipanga mstari mmoja halafu akachagua yenye namba ndogo anaweza akajikuta analala kitandani mwezi mzima kwa ugonjwa ambao ungemalizwa na mtu kurudi kwake kwa daladala siku ile ile.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Bawasiri ya ndani ni mito ya mishipa ya damu ambayo kila mtu anayo, iko juu kidogo ya njia ya haja kubwa, ikivimba na kulegea ndo inatoa damu au inashuka. Ndani kule kuna mstari ambao juu yake ngozi ni laini na haisikii maumivu ya kuchomwa wala kubanwa, chini yake ni ngozi yenye mishipa ya fahamu kama ya kidole, ukiigusa na sindano mtu anaruka. Huo mstari ndo unaamua karibu kila kitu kwenye habari hii. Halafu kuna daraja nne. Ya kwanza inatoa damu tu, haitoki nje. Ya pili inatoka ukijikamua na inarudi yenyewe. Ya tatu inatoka na mpaka uirudishe kwa kidole. Ya nne hairudi tena, iko nje muda wote. Mtu akikwambia "nina bawasiri" bila daraja bado hajakwambia kitu, na ile voisi dakika zote zile haikutaja daraja hata mara moja.

Raba yenyewe inafanywa hivi. Mgonjwa hafungi kula, halazwi, hachomwi ganzi. Analala ubavu wa kushoto amekunja magoti, daktari anaingiza kibomba kifupi cha kutazamia, anaivuta ile bawasiri kwa kifaa cha kunyonya hewa au kwa koleo, halafu anaachia kijiraba kidogo kikaibana kwenye shina lake, juu ya ule mstari, sentimita moja hivi au zaidi. Mara moja hufungwa moja, mbili, wakati mwengine tatu. Mtu anahisi uzito kama anataka kwenda chooni, na anaambiwa asijikamue mana choo hakuna, ni raba tu inamdanganya. Kilichobanwa kinakosa damu, kinakufa, baada ya siku tano mpaka kumi kinadondoka pamoja na raba, mara nyingi mtu hata hakioni, na pale kilipotoka kinabaki kidonda kidogo ambacho kikipona kinaishika ngozi ya ndani isishuke tena. Kama raba imewekwa chini mno mgonjwa anajua pale pale, ni maumivu makali ya kukata, si uzito, na hapo dawa si panado, dawa ni kuitoa raba kabla hajainuka kitandani. Wanaomwambia mtu "nenda nyumbani itazoea" hawajui wanachokifanya.

Sasa turudi kwenye namba. Utafiti wenyewe unaitwa HubBLe, umetoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2016, wagonjwa 372 wa daraja la pili na la tatu. Na jambo la kwanza ambalo voisi imelificha, au pengine jamaa hakulisoma, ni kwamba ule utafiti haukulinganisha raba na kukatwa. Ulilinganisha raba na njia nyengine kabisa, ya kulazwa kwa ganzi na kufungwa kwa uzi mishipa inayopeleka damu kwenye bawasiri, hakuna kinachokatwa pale. Baada ya mwaka waliohesabiwa kuwa imerudi walikuwa asilimia 49 upande wa raba na asilimia 30 upande wa uzi. Ukiishia hapo kweli raba imeshindwa vibaya. Lakini angalia walichokihesabu kuwa ni kurudi, mgonjwa akisema bado dalili anazo, au akipewa matibabu mengine yoyote ndani ya mwaka, na hayo matibabu mengine mara nyingi yalikuwa ni raba ya pili. Yaani mtu kafungwa, akarudi wiki kadhaa baadae akafungwa na ile iliyobaki, akapona, katika hesabu ile huyo ni "imerudi". Wenyewe watafiti waliliona hili, wakapiga hesabu upya, wakasema tuchukulie raba ni matibabu ya awamu, mtu akiongezewa ya pili tusimhesabu kuwa ameshindwa, namba ikashuka kutoka 49 mpaka 37.5, na ile tofauti na uzi ikawa si ya kutegemewa tena. Tena wale wa uzi waliumia zaidi siku ya kwanza na wiki ya kwanza.

Na kufungwa kwa awamu si ujanja wa kutafutia visingizio, ndo raba inavyofanya kazi toka ilipoingia hospitalini miaka ya sitini. Bawasiri kawaida zinakaa mafungu matatu, daktari mwangalifu hazifungi zote siku moja kama ni kubwa, anafunga zinazotoa damu kwanza, anampa mtu wiki nne mpaka sita apone, ndo anaangalia tena. Ni kama kupaka dari ya nyumba chokaa, mkono wa pili si ushahidi kwamba wa kwanza uliharibika.

Nichukue mtu mmoja, shemeji yangu, anaendesha gari ya abiria Wete na Chake, kukaa kwenye siti kutwa nzima, maji hanywi ili asisimame njiani, yaani bawasiri imealikwa kwa kadi. Alikuwa na mafungu mawili ya daraja la pili na moja la tatu, damu inamchirizika kila akitoka chooni, akienda kuswali moyo haumtulii kwa udhu wake. Akafungwa mawili yaliyokuwa yakitoa damu. Siku mbili alikaa nyumbani na uzito, siku ya tatu yupo barabarani, ingawa mie nilimwambia apumzike zaidi. Damu ikaisha. Baada ya wiki sita akafungwa la tatu, kazini akarudi kesho yake. Mwaka na nusu ukapita salama, halafu mwezi wa karafuu biashara ilipochanganya, maji hanywi tena, damu ikaonekana, akaenda, akafungwa raba moja. Kwa hesabu ya voisi shemeji ni mtu ambaye raba imemshinda. Kwa hesabu yake yeye mwenyewe, kazi alizokosa kwa miaka miwili yote hazifiki wiki moja, na hakuna hata siku moja aliyolia chooni.

Upande wa pili nao una hoja nzito, tusiwaonee. Oparesheni ya kukata, inayofanywa sana mpaka leo ni ile ya Milligan na Morgan waliyoiandika mwaka 1937, inaondoa mafungu yote kwa mara moja pamoja na ile ngozi ya nje iliyoning'inia, na kati ya jeraha moja na jengine inaachwa njia ya ngozi nzima ili njia isije ikajibana. Ikifanywa vizuri kurudi ni nadra kweli, watu wachache katika mia. Mwaka 2005 ulitoka uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio ya raba na kukata, ukaonyesha kwamba kwa daraja la tatu kukata kunashinda kwa muda mrefu, hilo halina ubishi, ila kwa daraja la pili matokeo yalikuwa karibu sawa, na kwa wote waliokatwa maumivu yalikuwa zaidi, matatizo zaidi, siku za kukosa kazi zaidi. Kwa hiyo anayesema oparesheni inamaliza, sawa, inamaliza. Swali ni inamaliza nini na kwa bei gani.

Hiyo bei watu hawaambiwi kabla. Anachomwa ganzi ya mgongo, hapo hasikii kitu, anatoka anawapungia mkono ndugu zake. Usiku ganzi inaisha. Wengine, khasa wanaume, mkojo unakataa kutoka wanawekewa mpira. Siku ya pili au ya tatu inakuja ile choo ya kwanza, na nimesikia watu wazima wenye wajukuu wakimwita mama yao. Majeraha yanaachwa wazi chini ya ule mstari niliousema, sehemu yenye fahamu zote, kila choo inapita juu yake. Kinachosaidia ni dawa ya kulainisha choo, aanze mapema asisubiri choo kifunge, panado na diklofenaki kwa saa na si kwa kusubiri aumie kwanza, metronidazo ambayo majaribio kadhaa yameonyesha inapunguza maumivu, na kukaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu kila baada ya choo. Kodeini nayo ni mtego, inaondoa maumivu leo inafunga choo kesho. Kazini mtu anarudi baada ya wiki mbili mpaka nne, kidonda kinakauka kabisa wiki nne mpaka sita, anayebeba magunia bandarini aseme mwezi mzima. Na kuna wachache, wachache kweli ila wapo, wanaobaki njia imebana kwa makovu au wanashindwa kuzuia upepo sawasawa. Shida hiyo haipo kwenye hesabu ya kurudi, lakini mtu anaishi nayo, na hairekebishwi kwa raba moja ya dakika tano.

Ya tatu ni sindano ya kukausha, na hii naipitia haraka kidogo kwa sababu mabishano hayako huku. Ile ya zamani ni fenoli asilimia 5 ndani ya mafuta ya lozi, mililita tatu mpaka tano kwenye kila fungu, chini ya ngozi ya ndani juu ya mstari, panavimba panakuwa peupe, kovu linajifunga ndani damu inasita. Kesho yake mtu yupo dukani. Mwenye mzio wa lozi au njugu aseme kabla. Tatizo lake ni kwamba haidumu, uchambuzi mkubwa wa mwaka 1995 uliokusanya majaribio 18 uliiweka chini ya raba, na daktari akiichoma ndani mno upande wa mbele kwa mwanamme dawa inaingia kwenye tezi dume, mtu anaona damu kwenye mkojo na homa, hilo ni la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Siku hizi kuna dawa mpya ya povu, polidokano, na kwa majaribio yaliyotoka miaka ya karibuni inaonekana inafanya vizuri zaidi ya ile ya mafuta, pengine kuizidi hata raba kwa madaraja ya chini, ila hapa kwetu kuipata ni habari nyengine. Mie pahala ninapoiona sindano ina kazi yake hasa ni kwa mzee mwenye daraja la kwanza au la pili anayetumia dawa za kulainisha damu kwa ajili ya moyo na daktari wake hataki aziache. Huyo raba ina hatari kwake, nitasema kwa nini chini.

Kabla ya hapo niwaguse na wenzetu wa matangazo, mana hoja yao ndo dhaifu kuliko zote, ya "dakika kumi, bila kukatwa, kwa bawasiri ya aina yoyote". Kwa aina yoyote, hapana. Kuna mama mmoja jirani, watoto saba, bawasiri yake ilikuwa daraja la nne pamoja na vinyama vya ngozi vya nje, zahanati moja ikamfunga raba mara tatu na kila mara ikamtoza. Raba inashika kinachovutika kilichopo juu ya mstari tu, kile cha nje haikigusi na haitakiwi ikiguse, kwa hiyo kila akitoka pale akijishika anakikuta kile kile, anasema imerudi. Haikurudi, haikuondoka. Huyu tokea siku ya kwanza alikuwa mgonjwa wa kisu, alipokatwa aliteseka wiki tatu kama nilivyoeleza, na mpaka leo hana neno. Hawa nao wanaingia kwenye sifa mbaya ya raba, mtu kafanyiwa kazi isiyokuwa yake halafu lawama inakwenda kwenye chombo. Kuna na kundi jengine, damu imeisha kabisa, kushuka hakuna, ila kimebaki kijinyama kikavu cha nje, nao wanajihesabu imewarudia, kumbe kile ni ngozi iliyotanuka tu haina ubaya, ukitaka kitolewe kwa sababu ya usafi, hutaki kiache.

Na damu ikirudi baada ya raba hata mbili tatu zilizowekwa vizuri, swali la kwanza lisiwe "nikatwe?", liwe ni bawasiri kweli? Mtu amepita miaka 45, au amepungua uzito, au choo imebadilika, damu imechanganyika ndani ya choo na si juu yake, huyo apitishwe kamera ya utumbo mpana kwanza. Nimeona waliotibiwa bawasiri mwaka mzima na tatizo likiwa juu zaidi, na hapo si raba wala kisu cha bawasiri kinachosaidia.

Sasa lile la hatari nililoahidi, na kwa watu wa Pemba ni kubwa zaidi kuliko ile namba ya 49. Kile kidonda kinachobaki raba ikidondoka kinaweza kutoa damu kati ya siku ya saba na ya kumi na nne hivi. Kwa wengi ni matone tu. Kwa mmoja au wawili katika mia inatoka nyingi, mabonge ya damu, kizunguzungu, mapigo yanakwenda mbio, na anayekunywa dawa za kulainisha damu ndo hatari inamzidi. Waliokatwa nao wana kipindi chao hicho hicho cha wiki ya pili. Sasa mtu wa Micheweni anavuka na boti mpaka Unguja, anafungwa, siku ya tatu anajisikia mzima anapanda boti anarudi, siku ya kumi yupo shamba usiku damu inamwagika na hakuna aliyemwambia kwamba siku hizo ndo za kuwa karibu na hospitali yenye uwezo wa kumshona na kumuongezea damu. Jengine nadra zaidi lakini linaua, maumivu yanazidi badala ya kupungua, homa, mkojo unagoma, hizo tatu zikija pamoja baada ya raba ni maambukizi ndani ya nyonga, mtu asisubiri asubuhi. Ratiba pia ina maana yake, kufungwa au kukatwa wiki moja kabla ya Ramadhani ni kujitafutia, unaingia mchana kutwa bila maji wakati unatakiwa choo kiwe laini.

Kwa hiyo kama nia yetu ni kupunguza hizi "imerudi", vifaa vya raba na watu waliofundishwa kuviweka vinafaa viwepo hospitali za wilaya za pande zote mbili, mana kazi yenyewe haihitaji chumba cha oparesheni wala ganzi, na chumba cha oparesheni kiachiwe wa daraja la nne na wa la tatu walioshindwa raba baada ya awamu kamili. Na kadi ya mgonjwa iandikwe. Kadi nyingi ninazoletewa zimeandikwa "bawasiri, amefungwa" basi. Iandikwe daraja gani, raba ngapi, fungu la kushoto au la kulia mbele au la kulia nyuma, tarehe, na dawa za damu anazotumia, ili daktari wa Wete akimuona mtu yule miezi minane baadae ajue kama anaangalia fungu lile lile lililofungwa au jengine ambalo halijawahi kuguswa.